Sauti halisi kwa mazoezi ya Zoom kesho

Habari za jioni, waimbaji wapendwa.

Zoom imetengenezwa kwa maongezi, hivyo noti ndefu huidhania kelele na kuififisha. Ndiyo maana "aaa" ya sauti ya pili huanza vizuri kisha inakatika, ingawa pumzi haijaisha. Kabla ya kipindi, kwenye kompyuta, fungua Settings, kisha Audio, uchague "Original sound for musicians". Mkiingia kwenye kikao, bonyezeni maneno hayohayo juu ya skrini mpaka yasomeke On. Vaeni visikilizio vya waya: vya bluetooth huchelewesha sauti zaidi, na spika ikiwa wazi itarudisha mwangwi kwa wote.

Sasa kuchelewa. Hakuna kitufe cha kuondoa kuchelewa huko, kwa hiyo tusijaribu kuimba pamoja huku maiki zote ziko wazi. Tuseme sauti ya kinanda changu inakufikia baada ya sehemu ya tano ya sekunde, na yako inanirudia kwa muda uleule. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, nakusikia ukiwa nyuma karibu pigo zima, hata kama umeimba sawasawa kabisa. Nikikusubiri, nawe utanisubiri, na wimbo utazidi kupoa.

Basi nitapiga kinanda, nyote mwimbe maiki zikiwa zimefungwa. Nikitaka kumsikiliza mmoja, atacheza hapo kwake rekodi ya kinanda changu, kwenye spika ya simu nyingine, aimbe nayo. Vyote vitanifikia pamoja. Faili naituma sasa hivi.