Hati ya Kiapo ya Kihindi ya Kubadili Jina: Tahajia ya Zamani na Mpya Zisipotofautiana

Mteja wetu mmoja, mama aliyezaliwa Uttar Pradesh na kuolewa hapa Dar es Salaam, alituletea hati ya kiapo aliyoiapa alipokwenda likizo kwao, akitaka tuitafsiri ili aiambatishe kwenye maombi yake ya kibali cha ukaazi. Cheti chake cha shule kina tahajia moja ya jina lake na pasipoti ina nyingine, na hati hiyo ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kueleza tofauti hiyo. Karatasi ya stempu ilikuwa ya halali, muhuri wa mthibitishaji ulisomeka, na saini zilikuwapo. Lakini aya ya pili, ukiigeuza kwa Kiswahili, ilisema hivi: "Jina langu limebadilika kutoka लक्ष्मी श्रीवास्तव kuwa लक्ष्मी श्रीवास्तव." (Jina lake halisi tumelibadili kwa jina la kawaida lenye tatizo lile lile.) Hata asiyesoma Kihindi akiyatazama majina hayo mawili ataona kwamba hayana tofauti hata ya nukta.

Mama huyo hakuwa amekosea alichotaka kusema. Pasipoti yake imeandikwa LAKSHMI SRIVASTAVA, na cheti chake cha shule kimeandikwa LAXMI SHRIVASTAV. Kwa herufi za Kilatini haya ni majina mawili yanayoonekana kuwa ya watu wawili, lakini kwa herufi za Devanagari, ambazo ndizo Kihindi huandikwa kwazo, ni jina moja lisilobadilika. Mpiga chapa aliyeandaa hati aliyaandika yote mawili kwa Kihindi, kama alivyozoea kuandika kila kitu, na papo hapo tofauti iliyomleta mteja kwake ikatoweka.

Chanzo cha jambo hili kiko ndani ya herufi zenyewe. Alama क्ष iliyo katikati ya jina la kwanza, wengine huiandika kwa Kilatini "x" na wengine "ksh", na yote mawili yamekubalika India kwa miaka mingi. Alama श्र inayoanzisha jina la ukoo, wengine huiandika "Shr" na wengine "Sr". Herufi ya mwisho, व, hubeba ndani yake sauti ya "a" ambayo msemaji wa Kihindi huimeza anapofika mwisho wa neno, hivyo mmoja huandika "Srivastav" kama anavyotamka na mwingine huandika "Srivastava" kama desturi ya zamani inavyotaka. Ukizidisha njia mbili za क्ष kwa mbili za श्र na mbili za mwisho wa neno, unapata majina 8 ya Kilatini yanayotokana na jina moja la Kihindi, na ofisi yoyote ya shule, ya benki au ya pasipoti inaweza kuwa imechagua mojawapo bila kumuuliza mwenye jina.

Hapa ndipo tunapolazimika kuwaeleza wateja jambo ambalo wengi hawalipendi. Mtafsiri hana ruhusa ya kuongeza, ndani ya tafsiri yake, tofauti ambayo haimo katika hati ya asili. Mama yule alituomba, kwa nia njema kabisa, tuandike tu "kutoka Laxmi Shrivastav kuwa Lakshmi Srivastava", kwa kuwa ndicho alichoapa moyoni. Tulimjibu kwamba tukifanya hivyo, sisi ndio tutakuwa tumeapa kwa niaba yake, na siku ofisa mwenye kusoma Kihindi atakapoifungua hati ile, na katika mji huu hawakosekani, tafsiri na hati vitapingana na vyote viwili vitapoteza thamani.

Ni haki kusema neno la kumtetea mpiga chapa. Meza nyingi za uchapaji zinazozunguka mahakama za Kaskazini ya India bado zinatumia fonti za zamani, na inayojulikana zaidi ni Kruti Dev. Fonti hiyo haihifadhi herufi za Kihindi kama Yunikodi, mfumo wa kimataifa wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, inavyofanya. Yenyewe huhifadhi alama za kawaida za kibodi na kuzivalisha sura ya Kihindi zinapoonyeshwa. Mteja akitutumia faili lake kabla ya kulichapa, na kompyuta yetu haina fonti hiyo, mahali palipotakiwa kuwa लक्ष्मी tunaona `y{eh`. Kwa mantiki hiyo hiyo, mpiga chapa akiandika LAXMI katikati ya sentensi bila kubadili fonti, karatasi itatoa mchanganyiko wa alama za Kihindi zisizo na maana yoyote. Kubadili fonti kila anapofikia jina kunamchelewesha, na watu wako kwenye foleni nyuma ya mteja, kwa hiyo njia rahisi kwake ni kuandika kila kitu kwa Kihindi. Mteja ndiye anayepaswa kusisitiza, tena kabla karatasi ya stempu haijaingia kwenye mashine.

Hati iliyoandikwa vizuri hutaja kila jina pamoja na waraka ambamo linaonekana, huliweka kwa herufi za Kilatini ndani ya maandishi ya Kihindi, na kisha hulirudia herufi moja moja. Kwa mfano wetu, maneno yanayotosha ni haya:

```
मेरे हाईस्कूल प्रमाण पत्र में मेरा नाम अंग्रेज़ी में
LAXMI SHRIVASTAV (L-A-X-M-I  S-H-R-I-V-A-S-T-A-V) लिखा है।
मेरे पासपोर्ट में मेरा नाम अंग्रेज़ी में
LAKSHMI SRIVASTAVA (L-A-K-S-H-M-I  S-R-I-V-A-S-T-A-V-A) लिखा है।
हिन्दी में दोनों नाम लक्ष्मी श्रीवास्तव ही लिखे जाते हैं।
```

Sentensi ya kwanza inasema jina lilivyoandikwa kwa Kiingereza kwenye cheti cha shule ya sekondari, ya pili inasema lilivyo kwenye pasipoti, na ya tatu inakiri wazi kwamba kwa Kihindi majina yote mawili huandikwa vilevile. Hiyo ya tatu watu huiacha wakidhani inadhoofisha hoja yao, ilhali ndiyo inayomweleza msomaji kwa nini tofauti ipo. Kurudia herufi moja moja nako si mbwembwe. Tazama majina ya ukoo hapo juu: yote mawili yana herufi 10, moja likiwa na H mahali pa pili na jingine likiwa na A ya ziada mwishoni. Jicho lenye haraka huona urefu ule ule na kupita. Tumewahi kupokea hati ambayo H iliondolewa na A ikasahauliwa, likazaliwa jina la tatu lisilokuwamo kwenye waraka wowote wa mteja.

Kuna pia hali ya kinyume, ingawa hutokea mara chache. Jina कमल, yaani ua la yungiyungi, na jina कमाल, lenye maana ya ajabu au ukamilifu, yote mawili huweza kuandikwa KAMAL kwa Kilatini. Mtu aliyebadili moja kwenda jingine hataona badiliko lolote kwenye pasipoti yake, na tafsiri isiyobakiza herufi za Kihindi itasema Kamal amebadilika kuwa Kamal. Kwa sababu hiyo sisi huacha jina la Devanagari ndani ya tafsiri kila mara, likifuatiwa na maelezo mafupi.

Kabla ya kuagiza hati, mteja anapaswa pia kujua anataka kusema nini hasa. Kauli ya kwamba majina mawili ni ya mtu yule yule, ambayo kwa Kihindi hutajwa kwa maneno एक ही व्यक्ति, haibadili jina. Inaeleza tu tofauti iliyokwisha kuwapo kwenye nyaraka. Mama yetu alihitaji hiyo, lakini mpiga chapa alimwandikia kwamba jina limebadilika, na hilo ni jambo jingine lenye njia ndefu. Anayebadili jina kweli huko India kwa kawaida huapa kwanza, kisha hutangaza katika magazeti mawili, moja la Kiingereza na moja la lugha ya eneo lake, na hatimaye hupeleka tangazo kwenye gazeti la serikali, ambalo kwa Kihindi huitwa राजपत्र. Matangazo hayo hufuata maneno ya hati ya kiapo, hivyo herufi iliyokosewa kwenye hati hunakiliwa kote. Ofisa wa huku akisoma neno "limebadilika", ana haki ya kuuliza gazeti la serikali liko wapi, na mama yule hakuwa nalo kwa sababu hakuna kilichobadilika.

Hati iliyokwisha kuapwa hairekebishwi kwa kalamu. Inaapwa nyingine, kwa karatasi nyingine na tarehe nyingine. Kwa raia wa India aliye Tanzania, si lazima kurudi nyumbani kwa ajili hiyo, kwa kuwa sheria ya India ya mwaka 1948 inawaruhusu maofisa wao wa kibalozi kupokea viapo nje ya nchi, na Ubalozi wa India uko hapa hapa Dar es Salaam. Tunamshauri mteja aulize kwanza ofisi itakayoipokea hati kama inakubali kiapo kilichoapwa ubalozini, kisha atuletee nakala za nyaraka zote mbili zenye majina yanayopingana. Tunaandaa aya za majina kwa Kihindi cha Yunikodi, tunamsomea herufi kwa herufi huku yeye akifuata kwa kidole kwenye pasipoti, na tunamkabidhi azipeleke mwenyewe kwa mwanasheria au ubalozini. Kuapisha si kazi yetu.

Mama yule alifanya hivyo na akarudi na hati mpya. Majina yake mawili yalikuwa sahihi kila herufi, na hata kitenzi kilikuwa करती हूँ, anavyosema mwanamke, tofauti na ile ya kwanza iliyonakiliwa kutoka hati ya mwanamume na kumfanya aape kwa करता हूँ. Kasoro moja ilibaki, nayo ilikuwa kwenye mstari wa utambulisho, baada ya neno पुत्री, yaani "binti wa". Jina la ukoo la baba yake lilikuwa limeandikwa SHRIVASTAVA, tahajia ya tatu, na hakuna aliyekuwa amelitazama, sisi tukiwemo. Ukurasa wa mwisho wa pasipoti yake ulimtaja baba kwa SRIVASTAVA. Tulitafsiri jina la baba kama lilivyoandikwa, tukaweka maelezo ya mtafsiri chini ya ukurasa, na tangu hapo nakala ya ukurasa ule wa mwisho wa pasipoti ni miongoni mwa tunavyoviomba kwa kila mteja kabla hatujaandika neno lolote.