Nilihesabu usiku, wao wanahesabu siku: je, nimeshakuwa mkaazi wa kikodi?

Ndugu Mshauri,

Kwa miaka mitatu nilijua suala la kodi nimelimudu. Sasa barua moja ya kurasa mbili imeniondolea usingizi. Naomba unisome hadi mwisho, maana shida yangu imo kwenye hesabu, na hesabu ikielezwa nusu haieleweki.

Mimi ni msimamizi wa mitambo ya kusukuma maji. Mke wangu na watoto wetu wawili wanaishi nchi niliyozaliwa, kwenye nyumba yetu wenyewe. Tangu mwanzoni mwa 2023 nina mkataba wa kazi nchi jirani. Nakwenda wiki mbili hadi nne, narudi nyumbani, kisha nakwenda tena. Nchi zenyewe sitazitaja kwa kuwa shauri bado liko mezani. Malipo ya kazi hiyo hukatwa kodi ya zuio hukohuko kabla hayajanifikia, kwa kiwango cha asiye mkaazi. Nyumbani nina nyumba mbili za kupangisha na akiba benki inayonipa riba. Mapato hayo ya nyumbani sikuwahi kuyatangaza nchi ya kazi, kwa sababu asiye mkaazi hutozwa tu kwa kilichotokana na nchi hiyo. Mkaazi ndiye anayetozwa kwa mapato yake yote, popote duniani yalikopatikana.

Wenzangu kazini walinipa kanuni moja tu: usifike siku 183 kwa mwaka. Nikanunua daftari dogo, na kila usiku niliolala kule nikaweka alama. Mwaka 2023 alama zilikuwa 142, mwaka 2024 zikawa 126, na mwaka 2025 zikawa 97. Nilijiona niko mbali kabisa na hatari, tena nazidi kwenda mbali nayo kila mwaka.

Barua ya ofisi ya kodi inasema nilikuwa mkaazi mwaka 2025, yaani mwaka uleule niliokaa siku chache kuliko yote.

Kwanza wamekataa alama zangu za usiku. Kwao siku yoyote niliyokanyaga nchini ni siku nzima, hata kama nilivuka mpaka saa tano usiku, na siku ya kuondoka nayo inahesabiwa. Maana yake kila safari inaongeza siku moja juu ya idadi ya usiku. Nilisafiri mara 8 mwaka 2023, mara 5 mwaka 2024 na mara 7 mwaka 2025. Kwa hiyo 142 inakuwa 150, 126 inakuwa 131, na 97 inakuwa 104. Nimesoma kwamba kwa kawaida Uingereza huhesabu siku ambayo mtu yupo nchini inapofika saa sita usiku, ilhali Marekani sehemu ya siku ni siku. Daftari langu lingefaa kwa mtindo wa kwanza, ila nchi niliyomo inafuata wa pili, na sikuwahi kuuliza.

Pili, kuna kipimo ambacho hakuna aliyenitajia. Mtu akiwepo nchini mwaka husika na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, na wastani wa miaka hiyo mitatu ukazidi siku 122, anakuwa mkaazi hata kama hakukaribia 183. Kipimo cha namna hii kimo kwenye sheria za kodi ya mapato za Kenya, Tanzania na Uganda, na nchi ninayofanyia kazi inacho vilevile. Chukua 150, 131 na 104: jumla ni 385, ukigawa kwa tatu unapata siku 128 na ushei. Mwisho unaoruhusiwa ni jumla ya 366. Inaniuma kuona kwamba kwa alama zangu za usiku jumla ilikuwa 365, pungufu kwa siku moja tu. Kilichonivusha ni zile siku 20 za safari. Mwaka 2024 kipimo hiki hakikunigusa kwa sababu mwaka 2022 sikuwa nimekanyaga kule hata siku moja. Mtego ulisubiri mwaka wa tatu.

Hesabu yao nayo ilikuwa na kasoro. Mwaka 2024 walinipa siku 140. Nilipofungua pasipoti nikaona chanzo: mhuri mmoja wa kutoka umegongwa juu ya mwingine, tarehe haisomeki, basi wakachukulia kwamba sikuondoka hadi safari iliyofuata. Tiketi ya basi na risiti za benki za nyumbani zinaonyesha siku 9 nilizokuwa na familia yangu. Naamini watazifuta, lakini bado nabaki na 131, na jumla ni ileile 385.

Sasa hasara yenyewe. Tuseme kodi ya pango ikishatolewa gharama inaniachia 100. Nyumbani nimeshalipa kodi 10 juu yake. Nchi ya kazi ingetoza 30 kwa pato hilohilo. Sheria yao inakubali kupunguza kodi niliyolipa nje endapo nina cheti cha kuthibitisha malipo, kwa hiyo ningedaiwa 20 zaidi. Kama nyumbani wangekuwa wametoza 35, kule nisingedaiwa kitu, ila ile 5 ya ziada nisingerudishiwa. Riba ya benki inafuata njia hiyohiyo. Juu ya hayo kuna adhabu ya kutowasilisha ritani.

Nchi hizi mbili zina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, na nyumbani pia mimi ni mkaazi. Nimesoma kwamba mtu akiwa mkaazi pande zote mbili, kwanza huangaliwa ana makazi ya kudumu wapi. Akiwa nayo pande zote, huangaliwa maisha yake yamefungamana zaidi na nchi ipi, kifamilia na kiuchumi. Yasipoamua hayo, huangaliwa anaishi wapi kwa kawaida, kisha uraia.

Hapo ndipo nilipokwama. Mwaka 2023 na 2024 nililala nyumba za wageni. Januari 2025 nilipanga chumba kwa mkataba wa mwaka ili nisihamishe mizigo kila safari. Ufunguo ninao mimi, na nikiwa nyumbani hakuna mwingine anayelala humo. Je, chumba hicho ni makazi ya kudumu? Kama ndivyo, hatua ya kwanza hainiokoi tena, na itabidi nipambane kwenye ya pili: familia, nyumba na akiba viko upande mmoja, lakini kazi inayotulisha iko upande mwingine. Naogopa pia kwamba chumba kinaweza kunifanya mkaazi bila hata kuhesabu siku, maana sheria yao inasema mwenye makazi ya kudumu nchini anakuwa mkaazi akiwepo hata sehemu ya mwaka.

Mwaka huu wa 2026 nimeshakaa siku 58, safari hii kwa hesabu yao. Nikijumlisha 131 na 104 napata 235, basi hadi 366 zinabaki 131 kwa mwaka mzima, yaani siku 73 kuanzia leo. Mwajiri anataka niende kwa siku 90. Nikatae? Na chumba nikirudishe sasa, au kukirudisha katikati ya shauri kutaonekana kama kuficha ushahidi?

Barua imenipa siku 30 za kuweka pingamizi, zimebaki 17. Naomba unieleze kama nipinge ukaazi wenyewe kwa kutumia mkataba, nikiambatisha cheti cha ukaazi kutoka ofisi ya kodi ya nyumbani, au nikubali, niwasilishe ritani ya 2025 na kudai punguzo la kodi niliyolipa nje. Na kama vyote viwili vinaweza kwenda pamoja, nianze na kipi?

Msomaji wako,
Msimamizi wa mitambo