Nakala ya hukumu: barua kwanza, nauli baadaye

Duka letu la kuchapa na kutoa kopi liko mkabala na mahakama ya wilaya, kwa hiyo swali hili tunalipata karibu kila wiki. Mtu anaingia na simu mkononi: "Nimetafuta hukumu yangu kwenye tanzlii.org siioni. Nitolee nikakate rufaa."

Haionekani kwa sababu tovuti ile, ambayo ni bure kwa yeyote, imejaa zaidi hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Shauri lililoamuliwa wilayani usitegemee kulikuta. Na hata ungelikuta, karatasi tutakayokutolea hapa haina muhuri wala saini ya mahakama. Inafaa kusoma. Kwenye rufaa inatakiwa nakala iliyothibitishwa na mahakama yenyewe, nayo huombwa kwa barua.

Barua hiyo ni ya ukurasa mmoja. Kama shauri liliamuliwa wilayani, inakwenda kwa Hakimu Mfawidhi. Kama ni Mahakama Kuu, kwa Msajili. Andika namba ya shauri, majina ya pande zote kama yalivyo kwenye jalada, jina la hakimu na tarehe ya hukumu. Kisha taja unachoomba, kimoja kimoja: hukumu, dikrii na mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani. Wengi huomba "hukumu" peke yake, halafu wanarudi tena kwa ajili ya dikrii, ile karatasi fupi inayosema nani ameshinda na anapata nini. Rufaa ya madai kutoka wilayani kwenda Mahakama Kuu haipokelewi bila dikrii.

Chapa nakala mbili. Moja inabaki masjala. Ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unaondoka nayo. Kopi hiyo yenye muhuri ndiyo mali.

Mfano: mfanyabiashara ameshindwa shauri la deni wilayani tarehe 4 Machi. Ana siku 90 za kukata rufaa. Barua yake inapokelewa tarehe 10 Machi, na nakala zinakuwa tayari tarehe 20 Juni, maana kuchapa huchukua muda. Kwa hesabu ya kawaida siku 90 zimeshapita. Lakini Sheria ya Ukomo inaondoa muda wa kungojea nakala ya hukumu na dikrii, mradi tarehe ya kuomba na ya kupewa zithibitike kwa maandishi. Ametumia siku 6 tu, amebakiwa na 84, yaani hadi tarehe 12 Septemba. Asingoje siku hiyo, lakini yumo ndani.

Sasa mchukue aliyekuwa akipita masjala kila Jumatatu kuuliza kwa mdomo, na karani akimjibu kwa upole "bado mama, pitia wiki ijayo". Huyo ametumia nauli na siku zake zote, na hana hata karatasi moja ya kuonyesha. Tumemwona, na si mara moja.

Ukitoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani mambo hubana zaidi: barua ya kuomba mwenendo iingie ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na mpinzani wako apelekewe kopi yake. Hapo tafuta wakili. Sisi tunachapa unachotuambia. Si mawakili, na vishoka hatutaki kuwa.

Siku ya kupokea nakala usiondoke kaunta kabla ya kusoma. Tarehe ya dikrii lazima iwe ile ile ya kusomwa hukumu, si siku ilipochapwa. Angalia majina, saini na muhuri. Kosa likionekana pale pale, omba lirekebishwe kabla halijaingia kwenye rufaa.

Je, asiye mhusika? Hukumu husomwa mahakamani milango ikiwa wazi, kwa hiyo hukumu yenyewe si siri. Jalada ni jambo jingine: ndani yake mna vielelezo, mikataba, pengine vyeti vya hospitali. Wadaawa na mawakili wao hulipitia masjala mbele ya karani. Mtu wa nje, tuseme mnunuzi wa kiwanja anayetaka kujua mgogoro uliishaje, anaandika barua akieleza ana maslahi gani, na anaweza kukataliwa.

Mashauri ya watoto na ya makosa ya kujamiiana yana ulinzi wake, na ndiyo maana katika hukumu nyingi za aina hiyo mwathirika huandikwa kwa herufi tu. Kuna aliyetuomba "tumtafutie karani" ili aone jalada la binti wa jirani. Tulimrudishia hela yake.

Ndugu wa mfungwa wasiuze kuku: aliyetiwa hatiani akiomba, hupewa nakala ya hukumu yake bila malipo.

Njoo na namba ya shauri. Bila hiyo hata barua hatuwezi kuianza.