Simu inachaji lakini kompyuta haiioni: anza na waya

Tatizo hili tunaletewa karibu kila siku, na mteja hulieleza kwa maneno yaleyale: "Waya ni mzima, mbona simu inachaji?" Tunaelewa kwa nini anasema hivyo. Ukichomeka simu kwenye kompyuta na alama ya umeme ikatokea kwenye kioo, ni rahisi kuamini kwamba vitu hivyo viwili vimeshaonana. Kumbe kuchaji na kuhamisha mafaili hupita njia tofauti ndani ya waya uleule.

Waya wa USB wa kawaida ukiupasua, ndani utakuta nyuzi nne. Mbili ni za umeme: mmoja unaleta volti 5 na mwingine unarudisha. Mbili zilizobaki, ambazo kwa desturi huwa ya kijani na nyeupe, ndizo zinazobeba mafaili. Simu ikitaka chaji tu, nyuzi mbili za umeme zinatosha. Ndiyo maana kuna nyaya zinazotengenezwa bila hizo mbili nyingine kabisa, hasa zile za bei nafuu au zilizokuja na spika, tochi na vifaa vingine vidogo visivyo na mafaili. Kwa macho hutautofautisha waya wa namna hiyo na waya kamili. Pia waya kamili unaweza kukatika uzi mmoja wa data pale shingoni, unapopindwa kila siku, na bado ukaendelea kuchaji vizuri tu.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa mpangilio wowote, sikiliza kompyuta. Kwenye Windows, sauti ikiwa imefunguliwa, ukichomeka simu husikika mlio mfupi, na ukiichomoa husikika mwingine. Kama huna spika, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika amri hii, kisha bonyeza Enter:

```
devmgmt.msc
```

Litafunguka dirisha la Device Manager. Liache wazi, halafu chomeka na kuchomoa simu huku ukilitazama. Kama kompyuta inaipata simu kwa namna yoyote ile, hata kwa makosa, orodha hiyo itajipanga upya mara moja. Ikitulia kimya, hakuna mlio wala mabadiliko, taarifa hazifiki kabisa. Hapo kuhangaika na draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na simu, ni kupoteza muda. Badilisha waya kwanza, ikiwezekana tumia uliokuja na simu, na uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanya USB. Jaribu pia tundu jingine. Kwenye kompyuta ya mezani, ya nyuma huwa ya kuaminika kuliko ya mbele.

Waya ukibadilishwa na kimya kikaendelea, angalia tundu la simu. Hivi karibuni mama mmoja alituletea simu yenye tundu la Type-C. Alitaka kutoa picha za harusi ya mwanawe kwa sababu memori ilikuwa imejaa. Alishabadilisha nyaya tatu. Tulipochomeka, kichwa cha waya hakikuzama chote. Kilibaki nje kidogo, kama unene wa ukucha, na ukikigusa kinacheza. Tulimulika kwa tochi tukaona vumbi la mfukoni limeshindiliwa ndani hadi limekuwa kama kipande cha blanketi. Tulizima simu, tukalitoa taratibu kwa kijiti cha mbao chenye ncha nyembamba. Usitumie sindano wala pini, maana inakwaruza miguu ya katikati, na kwenye Type-C miguu ya kawaida ya data iko hapohapo katikati.

Waya ulizama, kompyuta ikalia. Jina la simu likatokea kwenye This PC. Mama akafurahi, akalifungua, akakuta dirisha tupu, hamna folda hata moja. Alishtuka sana akidhani picha zimefutika. Picha zilikuwepo zote.

Simu za Android, tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, zikichomekwa kwenye kompyuta huanza na hali ya kuchaji tu. Zamani simu ilijitokeza kama flashi na yeyote mwenye kompyuta aliona kila kitu. Sasa mwenye simu ndiye anayetoa ruhusa. Kwanza ondoa loki ya kioo. Halafu vuta pazia la taarifa kutoka juu, utaona ujumbe kama Charging this device via USB. Uguse, wakati mwingine mara mbili, kisha chagua File transfer. Kama simu yako iko kwa Kiswahili, tafuta maneno ya kuhamisha faili. Tulipofanya hivyo kwenye simu ya yule mama, folda zilijaa kwenye dirisha bila kuchomoa chochote. Kwenye simu nyingi uchaguzi huo haudumu: ukichomoa waya, inarudi kwenye kuchaji, nawe unarudia.

Kwa wenye iPhone jambo ni lilelile kwa sura nyingine. Kioo kikiwa wazi, simu huuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Usipokubali, kompyuta haitaona picha.

Sasa, kuna wanaosikia mlio, wamechagua File transfer, na bado simu haimo kwenye This PC. Hapo ndipo draiva inapohusika. Rudi Device Manager na utafute jina la simu, au neno MTP, lenye alama ndogo ya manjano. Bofya kitufe cha kulia juu yake, chagua Update driver, kisha Browse my computer for drivers, kisha Let me pick from a list of available drivers on my computer. Kwenye orodha chagua MTP USB Device, ukubali. Kama ulichoona ni Unknown USB Device, usianze na draiva. Mara nyingi maana yake ni kwamba mazungumzo yalianza yakakatika, kwa hiyo rudi kwenye waya na tundu. Kwa watumiaji wa Mac, kompyuta hiyo haina uwezo wa kusoma simu ya Android peke yake. Inahitaji programu ya ziada, hata waya uwe mzima namna gani.

Simu ikishaonekana, tunawasihi mnakili kwa Copy, msihamishe kwa Cut. Muunganisho huu ukitikisika katikati, unakatika bila kuaga. Nakili folda, kisha ulinganishe idadi ya mafaili ya folda ya kwenye simu na ile ya kwenye kompyuta. Yule mama alikuwa na picha zaidi ya elfu mbili, tukazinakili kwa mafungu ya mia chache ili moja likikwama tujue ni lipi. Idadi ilipolingana na akafungua picha kadhaa kwa macho yake, ndipo tukafuta za kwenye simu.

Ukija kwetu na tatizo hili, njoo na waya uleule uliokuwa ukitumia, na uwe unakumbuka paternu au neno la siri la simu. Kama kioo kimevunjika na hakisikii mguso, tueleze mapema: bila kuondoa loki simu haitatoa mafaili kwa waya, kwa hiyo inabidi tufunge kioo kingine kwanza ndipo tunakili.