Nimewekwa akiba: nimwandikie nini dada wa ajira bila kumkaba koo?

Shikamoo Anti,

Mimi ni mhasibu, nina miaka 31, naishi Tabata. Mwezi uliopita nilifanya usaili mara mbili kwenye kampuni moja ya kusambaza vyakula hapa Dar. Jumatatu dada wa rasilimali watu akanipigia. Hakunizungusha: nimeshika namba mbili, mwenzangu ameshapewa ofa, "ikitokea lolote tutakutafuta." Nikasema sawa, asante, nikakata simu.

Usiku ule nikaandika meseji hii: "Dada, bado naitaka sana hiyo kazi. Naomba unijulishe kabla ya Ijumaa kama huyo mtu amekubali, maana nina ofa nyingine." Nashukuru Mungu sikuituma. Ofa nyingine sina, nina usaili tu wiki ijayo. Angenijibu "basi chukua hiyo," ningesema nini? Tena hiyo Ijumaa haiko mikononi mwake, naye anamsubiri mtu.

Rafiki yangu anasema nipige simu kila Jumatatu wasinisahau. Kaka yangu anasema ninyamaze kabisa. Mimi nimepiga hesabu, si ndiyo kazi yangu. Mwenzangu kama ameajiriwa kwa mshahara wa mwezi, sheria yetu inamtaka atoe taarifa ya siku 28 kabla ya kuacha kazi. Katika siku hizo bosi wake anaweza kumwongezea mshahara abaki, au wadhamini wake wakasema jambo. Kwa hiyo hata akisaini leo, mlango haujafungwa mpaka siku atakayoripoti. Nimeona niandike mara moja sasa, kisha nikae kimya wiki tano hivi kabla ya kuuliza tena.

Meseji mpya ni hii:

"Habari dada. Asante kwa kunipigia na kunieleza ukweli. Nimeelewa kuwa nipo nafasi ya akiba, na kazi hii bado naitaka. Mkinihitaji, nitatakiwa kutoa taarifa ya siku 28 kwa mwajiri wangu. Hali yangu ikibadilika nitakujulisha. Huna haja ya kunijibu."

Hizo siku 28 zangu nimeziweka makusudi: mwenzangu akijitoa, swali lake la kwanza litakuwa naweza kuanza lini. Nitaituma kwa kujibu barua pepe ileile aliyoniitia usaili, ili akiifungua aone na wasifu wangu hapohapo. WhatsApp naona ni kumfuata hadi nyumbani.

Kinachonikwaza, Anti, ni sentensi ya "hali yangu ikibadilika." Ni kweli tupu, lakini nikiisoma mara ya pili naisikia kama kitisho kilichovishwa kanga. Niitoe, au nimtajie waziwazi ule usaili wa wiki ijayo? Na "huna haja ya kunijibu," haitaonekana kama nimenuna?

Namba Mbili, Tabata