Barua kwa Wazazi na Walezi wa Wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: UTUNZAJI NA UFUTAJI WA MAZUNGUMZO YA WANAFUNZI NA PROGRAMU ZA KUJIFUNZIA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ripoti ya maendeleo ya mwanao imeambatanishwa na barua hii. Tarehe ya kufungua shule na salio la ada vimeandikwa nyuma ya ripoti, sitavirudia. Ninachotaka kueleza ni lile jambo lililotuchelewesha kwenye kikao cha wazazi: yale watoto wanayoandikiana na programu ya akili mnemba katika chumba cha kompyuta yanakwenda wapi, nani anayaona na yanafutwa lini.

Daftari la mazoezi likijaa mtoto analirudisha nyumbani, basi. Mazungumzo haya hubaki yalipo mpaka mtu ayafute, na kwa kawaida hakuna anayekumbuka kuyafuta. Kwa hiyo tumeandika utaratibu, nao utaanza kutumika shule zitakapofunguliwa Julai.

Nitatoa mfano wa kutunga, si wa mtoto yeyote wa hapa. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anatafuta jibu la −2x > 6, anaandika x > −3. Programu haimpi jibu, inamwambia ajaribu kuweka 0 mahali pa x. Anapata 0 > 6, anaona si kweli, anarudi nyuma na kugundua kwamba ukigawanya kwa namba hasi alama inageuka. Anaandika x < −3. Dakika chache baadaye, kwenye ukurasa uleule, anaandika: “leo sijalala baba na mama wamegombana usiku kucha”. Halafu anaendelea na swali la nne kama vile hakusema kitu.

Hapo pana vitu vinne, na kila kimoja kina muda wake. Maandishi yenyewe ya hesabu tutayatunza hadi Ijumaa ya wiki ya pili ya muhula unaofuata. Sababu ni moja tu: ripoti unayo sasa mkononi, na ukiwa na malalamiko kuhusu alama za mazoezi, mwalimu lazima aweze kuonyesha mtoto alifanya nini mwenyewe na alisaidiwa wapi. Wiki hizo mbili zikipita bila malalamiko, hatuna tena sababu ya kuyashika. Malalamiko yakiwepo, mazungumzo ya mwanafunzi huyo peke yake yanabaki hadi shauri liishe.

Dokezo la mwalimu, mstari mmoja kama “hageuzi alama anapogawanya kwa namba hasi”, linabaki hadi mwisho wa mwaka kwa sababu linamsaidia mwalimu kupanga marudio kabla ya Upimaji wa Kitaifa. Halinukuu maneno ya mtoto. Kumbukumbu ya nani aliingia na saa ngapi tunaiweka siku 90, ili tuweze kumbaini anayetumia nywila ya mwenzake.

Ile sentensi ya nyumbani ndiyo ngumu. Mwalimu wa somo akiiona haamui chochote, anaipeleka siku hiyohiyo kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Yeye anakaa na mtoto. Ikionekana ni ugomvi wa kawaida wa wakubwa uliopita, maandishi yatafutwa pamoja na mengine. Zikionekana dalili za kipigo, unyanyasaji au mtoto kutaka kujidhuru, sehemu hiyo tu inanakiliwa kwenye jalada linalofungwa kwa ufunguo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka tutoe taarifa kwa ustawi wa jamii. Jalada hilo halifuati kalenda ya kufuta. Linapitiwa kila mwaka, na linaondolewa shauri likifungwa.

Lakini naomba msije mkadhani kwamba kutunza mazungumzo ni ulinzi. Hakuna mwalimu anayesoma kila kilichoandikwa na darasa zima. Programu huonya kwa kubahatisha maneno: mtoto akiandika “nimechoka na kila kitu” huenda amechoka na aljebra, na mwenye shida ya kweli huenda asiandike lolote la kushtua. Ukiona mabadiliko kwa mwanao, njoo shuleni, au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto.

Baadhi yenu mliomba mtumiwe nakala ya kila kitu kila Ijumaa. Hilo nimelikataa, na sababu ni hizi. Nakala ikishatoka hapa, tarehe yetu ya kufuta haina maana tena. Pia mtoto akijua kwamba baba husoma kila wiki, ataacha kuuliza maswali anayoyaonea aibu, na hayo ndiyo maswali yanayomfundisha. Hata hivyo haki yako ya kuona ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, na wewe mzazi unasimama kwa niaba ya mwanao. Andika ombi, na ndani ya siku saba za kazi tutakaa nawe ofisini kwangu mkasome, mtoto akiwa amejulishwa kabla. Kitakachobaki nje ni jalada la ushauri nasaha pale ambapo anayelalamikiwa ni mzazi mwenyewe. Na hakuna kitakachotumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Kuhusu kufuta kwenyewe, kubonyeza kitufe hakumalizi kazi. Mazungumzo yakiondoka kwenye ukurasa bado yamo kwenye nakala rudufu, na hizo za kwetu hufutika zenyewe baada ya siku 30. Kampuni yenye programu ina seva zake nje ya nchi. Mkataba unaitaka ifute upande wake ndani ya siku 30, ituandikie kuthibitisha, na isiyatumie maandishi ya wanafunzi kufundishia programu zake. Hatuwezi kwenda kukagua seva hizo. Tunachoweza ni kujaribu: mwalimu wa kompyuta anafungua akaunti ya mwanafunzi asiyekuwepo, anaandika neno la ajabu ajabu, anafuta, na siku 30 zikipita anaomba kampuni itoe kila ilicho nacho kuhusu akaunti hiyo. Neno likirudi, tunajua hakukufutwa kitu.

Kuna na sehemu nyingine ambayo wengi hawaijui. Baadhi ya programu hujiandikia muhtasari kuhusu mtumiaji, na kufuta mazungumzo hakufuti muhtasari huo. Kwenye akaunti za shule tumeizima. Kwenye simu yako ya nyumbani itafute mwenyewe katika mipangilio, mara nyingi imeandikwa `Memory`. Akaunti mliyofungua nyumbani si ya shule, na hatuna uwezo wa kufuta lolote humo.

Wanafunzi wanaingia kwa namba, si kwa majina. Inasaidia kidogo tu. Mtoto akiandika kwamba mama yake ndiye anayeuza mihogo getini, darasa zima linamjua. Waambieni watoto wasiandike majina, namba za simu, wala habari za afya ya mtu yeyote.

Fomu ya ridhaa iko ndani ya bahasha hii. Isaini na uirudishe siku ya kufungua shule, iwe umekubali au umekataa. Usiporidhia, mwanao atafanya mazoezi yaleyale kwenye karatasi, yatasahihishwa na mwalimu yuleyule, na hatapunguziwa alama. Fomu isiyorudi tutaihesabu kuwa umekataa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkuu wa Shule