Barua kwa mdogo wangu wa Kisumu: mtoto hakatai titi, anapaliwa

Mdogo wangu,

Nimerudi Nakuru salama, lakini akili yangu imebaki pale sebuleni kwako Kondele. Mtoto alishika titi vizuri, akanyonya kimya kidogo, halafu ghafla akaanza kugugumia, akakohoa, akajipinda mgongo na kuliachia titi huku akilia. Maziwa yakamrukia usoni. Mama mkwe wako, kwa nia njema kabisa, akasema maziwa hayatoshi ndiyo maana mtoto ana hasira, akakumiminia kikombe kingine cha uji wa wimbi. Nawe ukachukua pampu ukakamua mpaka titi likawa tupu.

Mtoto wako hana njaa. Anapaliwa.

Akinyonya kwa muda mfupi, mwili wako hutoa homoni inayoitwa oksitosini, nayo hukaza vijifuko vya maziwa ili yashuke. Kwako yanashuka kama mfereji uliofunguliwa wote. Mtoto wa wiki sita hawezi kumeza, kupumua na kunyonya kwa mwendo huo, kwa hiyo anafanya la busara: anajitoa. Na kwamba hana njaa, kijitabu chake cha kliniki kinasema hivyo hivyo. Alizaliwa na kilo 3.1, juzi alipopata chanjo ya wiki sita alikuwa na 5.3. Hiyo ni zaidi ya gramu 350 kwa wiki, wakati watoto wengi wa umri wake huongeza kama 150 hadi 200. Mtoto asiyeshiba haongezeki hivyo. Hata kile kinyesi cha kijani chenye povu kilichokutia hofu kinaweza kutokana na hili. Maziwa ya mwanzo yana mafuta machache, na yakiingia mengi kwa haraka hupita tumboni mbio, sukari yake inachachia utumboni na kumjaza gesi.

Sasa hiyo pampu. Titi likijaa, mwili hupunguza kazi ya kutengeneza; likikamuliwa hadi tone la mwisho, mwili husikia kwamba kuna mtoto mwingine wa kulishwa. Mimi nilifanya kosa hilo na kifungua mimba wangu. Nilikamua kila alipomaliza, na kila siku yakazidi, hadi nikapata uvimbe mgumu chini ya kwapa, titi likawa jekundu na homa ikanilaza. Ukibanwa sana, kamua kwa mkono kidogo tu, mpaka ulegee, kisha acha.

Anza na jinsi unavyokaa, maana hapo utaona tofauti siku hiyo hiyo. Usimwinamie. Jilaze nyuma kwenye kochi kwa mito miwili, kama mtu anayepumzika baada ya chakula, umlaze mtoto juu yako, tumbo kwa tumbo, kichwa chake kikiwa juu ya chuchu. Maziwa yakilazimika kupanda, kasi inapungua, naye akizidiwa anainua kichwa. Usiku mnyonyeshe mkiwa mmelala ubavu, ili yanayozidi yamtoke pembeni ya mdomo. Ukihisi ule mchomo wa maziwa kushuka naye akaanza kukohoa, mtoe, acha mruko wa kwanza uishie kwenye leso, mcheulishe, kisha mrudishe. Na usingoje alie kwa njaa, kwa sababu akiwa na njaa kali huvuta kwa nguvu na kuyaamsha yote kwa pamoja.

Yakiwa bado mengi baada ya wiki moja ya kukaa hivyo, kuna njia ya kushika titi moja kwa zamu. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, kila akitaka kunyonya mpe la kushoto tu. Saa sita hadi saa tisa, la kulia. Lile linalosubiri linajaa na kuuambia mwili upunguze. Lakini usianze bila nesi kumpima uzito, na usiendelee siku nyingi, kwani maziwa yanaweza kupungua kupita kiasi. Yakianza kutulia, rudi kwenye matiti yote mawili. Hesabu nepi: zikipungua chini ya sita zilizolowa kwa siku, acha mara moja.

Kuna kukohoa kusikotokana na haya. Akipaliwa hata maziwa yanapotiririka taratibu, midomo ikibadilika rangi kuwa ya bluu, akipumua kwa kasi au kwa sauti ya kukoroma akiwa macho, au uzito ukisimama, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Nawe ukipata homa na titi jekundu, nenda pia, ila usiache kunyonyesha.

Mama mkwe mwambie kwa upole kwamba uji utakunywa ukisikia njaa. Mwonyeshe kile kijitabu, asome kilo mwenyewe.

Alhamisi ukitoka kliniki nipigie, hata kabla hujapanda matatu, uniambie mizani imesemaje.

Dada yako